Betri ya Kwanza Ina Kiu

"Shemeji, hii ya kwanza ina kiu," aliniambia shemeji yangu, akiwa amechuchumaa nyuma ya duka lake na galoni la maji ya betri mkononi. Anauza vinywaji baridi na juisi kando ya barabara ya vumbi ambako nguzo za umeme hazijafika. Juu ya ubao, kutoka mlangoni hadi ukutani, alikuwa amepanga betri nne za maji, N200, za volti 12 kila moja. Zilifungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikilisha inveta inayoendesha friza mbili na mashine ya kusaga juisi. Kila mwezi alifungua vifuniko akaongeza maji. Betri iliyo jirani na inveta ilimeza karibu nusu lita. Ya pili ilikunywa kidogo kuliko hiyo, ya tatu ikapungua tena, na ile ya nne, ya ukutani, ilitosheka na vijiko vichache.

Yeye alidhani ya kwanza ni mbovu tangu kiwandani. Lakini zote nne zilinunuliwa siku moja, duka moja, na tarehe zilizogongwa juu yake zilikuwa zinafanana. Ubovu wa kiwandani haujipangi foleni kutoka mlangoni hadi ukutani. Kinachojipanga hivyo ni waya.

Tuanze na kiu yenyewe. Ndani ya betri ya volti 12 kuna seli sita, kila moja ikitoa volti 2 na kidogo. Ndani ya seli kuna sahani za risasi na sahani za oksidi ya risasi, zimezama kwenye tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Unapotumia umeme, salfati hutoka kwenye tindikali na kuganda juu ya sahani za aina zote mbili, na majimaji yanabaki mepesi. Unapochaji, salfati inabanduka na kurudi kwenye majimaji. Betri imejaa pale ambapo salfati ya kurudisha imekwisha kwenye sahani.

Ukizidi kusukuma umeme baada ya hapo, umeme hauna tena salfati ya kushughulika nayo. Unageukia maji, unayapasua kuwa hidrojeni na oksijeni, na ndiyo maana mafundi husema betri "inachemka" hata kama haijapata moto. Maji hupungua, na fremu ya risasi inayoshikilia sahani chanya huliwa polepole. Kwa hiyo betri yenye kiu ni betri inayoshibishwa kupita kiasi.

Upo pia ugonjwa wa kinyume chake. Salfati ikiwa mbichi ni chembe ndogo laini, na chaji huibandua bila shida. Ikiachwa juu ya sahani wiki baada ya wiki, chembe huungana na kuwa fuwele kubwa, ngumu, ambazo chaji ya kawaida haizimalizi. Sehemu ya sahani iliyofunikwa na fuwele hizo haifanyi kazi tena. Betri ya ukutani kwa shemeji ilikuwa inaelekea huko, kimyakimya, bila kuomba maji.

Zilichajiwa na paneli zilezile, kupitia kontrola ileile. Ilikuwaje moja ivimbiwe na nyingine ilale njaa?

Betri zikifungwa sambamba, hakuna msimamizi anayegawa mzigo. Inveta inavuta ampea 100, na ampea hizo zinagawanyika zenyewe kwa kufuata ukinzani wa kila njia. Njia rahisi hupitisha nyingi, njia ngumu hupitisha chache. Katika mambo mengi ya nyumbani ukinzani wa waya hauna uzito, maana kifaa chenyewe kina ukinzani mkubwa zaidi mara mamia. Taa ya ukumbini haijali kama waya wake una mita tano au nane. Kwenye betri hali ni tofauti, kwa sababu betri kubwa nzima ina ukinzani mdogo ajabu. Kwa N200 mpya tuchukue miliomu 4, yaani omu moja uigawe mara elfu, kisha uchukue vipande vinne.

Sasa tazama kipande cha waya kinachounganisha betri moja na jirani yake. Ni waya wa shaba wa milimita za mraba 35, mnene kama kidole, urefu wa sentimita 25. Waya huo una takriban nusu miliomu kwa kila mita, kwa hiyo kipande chetu kina miliomu 0.125. Ongeza vichwa viwili vilivyobanwa na boliti mbili kwenye ncha za betri, ufike miliomu 0.25. Kuna kipande kama hicho upande wa chanya na kingine upande wa hasi, jumla nusu miliomu kwa kila hatua kutoka betri moja hadi nyingine. Ni kidogo sana, lakini ni sehemu ya nane ya ukinzani wa betri yenyewe, na hapo hakidharauliki tena.

Kwa shemeji, waya zote mbili za inveta zilifungwa kwenye betri ya kwanza. Tupige hesabu tukianzia ukutani. Tuseme betri ya nne inatoa ampea 1. Kwa kupita kwenye miliomu 4 za ndani yake, imepoteza milivolti 4. Ampea hiyo inapita hatua moja kwenda kwa ya tatu na kupoteza nusu milivolti nyingine. Kwa hiyo pale ilipo betri ya tatu upungufu ni milivolti 4.5. Betri ya tatu, ili ilingane na upungufu huo, lazima itoe ampea 4.5 gawa kwa 4, yaani 1.125. Sasa ampea 2.125 zinakwenda pamoja kwa ya pili, zinapoteza zaidi njiani, na ya pili inajikuta inatoa 1.39. Ukifika kwa ya kwanza, inatoa 1.83.

Jumla ni ampea 5.35 hivi. Ukiikuza ifike ampea 100 za inveta, ya kwanza inatoa 34, ya pili 26, ya tatu 21 na ya nne 19. Betri ya mlangoni inafanya karibu kazi ya betri mbili za ukutani, na kilicholeta tofauti hiyo ni sentimita 75 za waya mzuri kila upande, usio na kasoro yoyote.

Mchana mambo yanageuka kwa mpangilio uleule. Kontrola nayo ilifungwa kwenye betri ya kwanza. Jua likiwaka, ya kwanza inapata volti kamili na ya nne inapata zilizopungua njiani. Ya kwanza inawahi kujaa, inaanza kuchemka, wakati ya nne bado inasubiri. Kama jua lingedumu saa nyingi zaidi, mkondo ungepungua hadi ampea chache, upotevu wa njiani ungekwisha na ya nne ingejaa pia. Lakini saa kumi na moja jioni jua limeshalegea na friza zinaendelea kuvuta.

Hapa sina budi kuwa mkweli, maana wapo mafundi wanaolikuza jambo hili kupita kiasi. Betri za risasi hujisawazisha kwa kiasi fulani. Iliyotulia ikiwa imejaa inasoma karibu volti 12.7, ikiwa nusu 12.2, ikiwa tupu kama 11.9. Kadiri ya kwanza inavyotangulia kuisha, volti yake inashuka, na zile za nyuma zinalazimika kubeba zaidi. Katika mfano wetu wa ampea 100, tofauti ya volti kati ya mlangoni na ukutani ni milivolti 62 tu, na ya kwanza ikitangulia kwa takriban asilimia 8 ya ujazo wake, mgawanyo unakaribia kulingana. Kwa nyumba yenye taa na televisheni, ambako betri nne zinatoa ampea 10 kwa pamoja, tofauti yote ni milivolti 6, na ningekuambia ulale usingizi wako. Tatizo linakua na mkondo. Shemeji ana friza mbili na mashine ya juisi, na watu wa njiani wana kiu kuliko hata ile betri yake.

Kwa betri za lithiamu za fosfeti ya chuma, ambazo sasa zinaingia kwa wingi, msaada huo haupatikani mapema. Volti yake karibu haibadiliki katika sehemu kubwa ya katikati, kwa hiyo iliyotangulia inaendelea kutangulia hadi karibu na mwisho. Mara nyingi unaligundua siku ambayo kinga ya betri moja inajikata yenyewe, na ampea zake zote zinaangukia kwa zilizobaki kwa mpigo.

Turudi dukani. Baada ya miezi 14 betri ya kwanza ilikufa. Fundi akaja, akapima, akaiona, na akafanya jambo ambalo kila mtu mwenye bajeti finyu angelifanya: alitoa ile iliyokufa akaweka N200 mpya mahali palepale. Shemeji alilipa bei ya betri moja badala ya nne, akashukuru. Betri hiyo mpya haikumaliza miezi minane.

Betri inapozeeka hupoteza mambo mawili kwa pamoja. Ujazo unapungua, kwa kuwa sehemu ya sahani imefunikwa na salfati ngumu na nyingine imemomonyoka ikaanguka chini kama tope. Ukinzani wa ndani unapanda, kwa sababu umeme unapita kwenye eneo dogo zaidi na fremu iliyoliwa. Tuseme zile tatu za zamani zilikuwa zimefika miliomu 8, mara mbili ya upya wake, na hiyo si hali ya kushangaza kwa betri iliyotumika hivyo. Rudia hesabu yetu kuanzia ukutani kwa namba hizo. Utapata ya nne inatoa ampea 16 na nusu, ya tatu karibu 18, ya pili karibu 20, na ile mpya ya mlangoni inatoa 46.

Karibu nusu ya duka zima imebebwa na betri moja, kwa sababu mbili zilizojumlishana: ndiyo changa kuliko zote na ndiyo iliyokaa karibu na mlango. Fundi angekuwa ameitafuta nafasi mbaya kuliko zote ya kuiweka, asingepata nyingine.

Usiku mashine zikitulia, kuna kazi ya pili isiyoonekana. Betri iliyotoa sana ina volti ndogo kuliko wenzake, kwa hiyo wenzake wanaanza kuichaji, polepole, kupitia waya zilezile. Tena betri nzee huvuja chaji ndani kwa ndani, hata isipotumika, na mpya inalazimika kuifidia hadi asubuhi. Mchana kontrola husubiri mkondo upungue ndipo iamini kuwa betri zimejaa. Zile nzee zinaendelea kuvuta ampea zisizoishia popote ila kwenye joto na mapovu, kontrola inaendelea kushikilia volti za juu, na mpya, ambayo imejaa zamani, inachemka ikisubiri.

Hayo ni ya sambamba. Wapo wanaofunga kwa mfululizo, betri mbili za volti 12 zikatoa 24, na humo ndimo mchanganyiko wa mpya na nzee unapoumiza haraka zaidi. Kwenye mfululizo mkondo ni mmoja, hauna njia ya kuchagua. Chukua mpya ya ampea-saa 200 na nzee iliyobaki na 120. Usiku zinatumika ampea-saa 100. Mpya imetumia nusu. Nzee imetumia zaidi ya asilimia 80 na volti yake inaporomoka. Inveta haijui, kwa sababu inaona jumla tu. Mpya ikiwa na 12.1 na nzee 10, inasoma 22.1, na inveta iliyopangwa kujizima kwenye volti 22 inaendelea na kazi. Nzee ikishinikizwa hapo mara kwa mara, seli yake dhaifu kuliko zote hugeuzwa: wenzake wanaisukumia mkondo kinyumenyume hadi chanya yake inakuwa hasi.

Wakati wa kuchaji, kontrola inalenga volti 28.8, ikiamini ni 14.4 kwa kila betri. Lakini 15.4 na 13.4 nazo zinajumlishwa kuwa 28.8. Kama nzee imeganda salfati, volti yake inaruka juu upesi, inachukua 15.4, na mpya inabaki na 13.4, ambazo hazitoshi kuijaza. Kama nzee imechakaa kwa namna ya kuvuja ndani, volti yake inagoma kupanda, na ni mpya inayopewa 15.4 na kuchemshwa. Kwa vyovyote vile mpya inaumia, na kioo cha kontrola kinaandika namba nzuri kabisa.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ninachofanya ni kuweka multimita kwenye ncha za betri moja moja, wakati jua limepamba moto na chaji ni kubwa, badala ya kusoma jumla. Kwenye mfululizo, zikitofautiana kwa sehemu moja ya kumi ya volti sishtuki. Zikitofautiana kwa nusu volti, ndoa hiyo imevunjika. Kwenye sambamba volti hazisemi mengi, kwa kuwa zimelazimishwa kufanana, hivyo unahitaji mita ya kubana waya, ile inayopima mkondo mnyoofu, na uibane kwenye waya wa kila betri wakati mzigo mkubwa unaendelea. Asiye nayo aweke multimita kwenye milivolti, kijiti kimoja kwenye ncha ya betri yenyewe na kingine kwenye ncha ya jirani yake ya upande uleule. Kipande chetu kati ya ya kwanza na ya pili, kikipitisha ampea 66, kinasoma milivolti 16 hivi. Ukikuta 60, boliti imelegea au kuna kutu nyeupe chini ya kichwa cha waya, na hiyo ni sawa na kurefusha waya kwa zaidi ya mita moja. Kwa betri za maji kuna hidromita pia: seli iliyojaa inasoma karibu 1.265, na seli moja ikipungukiwa kwa 0.030 au zaidi ukilinganisha na wenzake, ipo mashakani. Mkono nao ni kipimo. Betri moja ikiwa na joto kuliko jirani zake, ikate kwenye kundi siku hiyohiyo. Huenda seli moja imeshikana ndani, na zile nzima zinamiminia chaji yao kwenye betri ya seli tano. Kila betri kuwa na fyuzi yake si anasa.

Kwa shemeji tulianza na kile kisichogharimu chochote. Tulihamisha waya wa hasi wa inveta na wa kontrola kutoka betri ya kwanza tukaufunga kwenye ya nne, chanya ukabaki palepale. Kwa kufanya hivyo kila ampea, itoke betri yoyote, inapita vipande vitatu vya waya: anayekaa karibu na mlango upande wa chanya yuko mbali upande wa hasi. Kwa betri nne zinazofanana mgawanyo unakuwa 26.5 pembeni na 23.5 katikati. Sijasema sawasawa, kwa sababu vipande vya kati havipitishi mkondo uleule, lakini kutoka 34 kwa 19 hadi hapo ni safari ndefu kwa spana moja. Kwa betri mbili tu, njia hii ya kukingamisha inagawa nusu kwa nusu kabisa.

Baadaye alipopata fedha za betri nne mpya, tulikwenda hatua ya mwisho. Tulinunua mapande mawili ya shaba, moja la chanya na moja la hasi, na kila betri ikapata waya wake wa kufika hapo. Waya zote nane zilikatwa urefu mmoja, sentimita 60, hata wa betri iliyo sentimita 15 kutoka kwenye shaba. Fundi alitaka kuukata huo ufupi, akasema ni uharibifu wa mali kuukunja. Nikamwomba auache umekunjwa. Ukiukata, unairudisha ile foleni uliyotoka kuiondoa.

Na zile nzee? Hidromita ilionyesha mbili bado zina uhai. Hazikuingia kwenye kundi jipya hata kwa siku moja. Zimefungwa peke yake, na paneli yake na kontrola yake ndogo, zinawasha taa za uani na kuchaji simu za wateja. Mwezi uliopita nilipita tena dukani nikafungua vifuniko vya zile nne mpya. Zote zilikunywa maji kiasi kilekile.